Upanga wa Felegi: Barua Tunayoipeleka Makumbusho

(Maneno yaliyosemwa barazani, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Isha, mbele ya jamaa na majirani.)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ami zangu, mashangazi, ndugu zangu, na nyinyi majirani mliotuitikia usiku huu, karibuni.

Nimetakiwa niisome barua tuliyowaandikia makumbusho ya Ngomeni kuwapa ule upanga wa babu. Nitaisoma, ila si kwa mfululizo. Nitakuwa nasimama nieleze kwa nini neno fulani limeandikwa na jingine likatolewa, kwa sababu imenichukua miezi minne na mara tatu nimeichana. Barua ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja wa sifa. Nilimpelekea mtu aliyefanya kazi ya kuhifadhi vitu vya kale miaka mingi, akaisoma, akanirudishia, akaniambia: “Mwanangu, hapa umenieleza babu yako. Upanga wenyewe sijauona.”

Basi ya sasa yaanza na upanga wenyewe.

“Ni upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili, usio na kikinga mkono. Bapa lina urefu wa sentimita 84 toka kwenye mpini hadi nchani. Karibu na mpini upana wake ni sentimita 3 na nusu, na unene milimita 4. Sentimita kumi kabla ya ncha unene ni milimita 2. Uzito bila ala ni gramu 870. Katika nyumba yetu waitwa upanga wa felegi.”

Jina hilo tumeliacha makusudi. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zalijua: felegi ni huu mrefu wa makali mawili usio na kikinga, wa imani ni ule wenye msalaba mdogo penye mpini, kitara ni uliopinda. Wakusanyaji wengi wa silaha za kale huuita huu wetu kattara. Mtu wa makumbusho akisoma “felegi” kwa maandishi ya mwenye mali, amepata kitu ambacho hawezi kukipima kwa rula: kwamba jina limebaki hai katika nyumba moja ya pwani.

Unene nao haukuandikwa kwa kujaza karatasi. Mmewaona wanaume wa Oman wakicheza razha, wanavyourusha upanga juu na kuudaka, na bapa likitikisika mpaka likalia. Panga nyingi za kuchezea zina bapa jembamba sana, nyepesi, na ncha yake imeviringwa. Mtu akishika felegi la kale la vita atahisi tofauti, kwa sababu penye mpini ni nene na lakonda polepole kwenda mbele. Letu ni la namna hiyo ya pili. Lakini tafadhali, asijaribu mtu kulipinda kuhakikisha. Chuma cha miaka mingi chenye mashimo ya kutu huweza kukatika hapohapo palipo na shimo, na hakuna wa kukiunga.

Kisha ipo ile mifereji mitatu inayoteremka katikati ya bapa. Sote tulilelewa tukiambiwa kuwa ni njia ya damu. Nimeitoa kauli hiyo kwenye barua. Mfereji hupunguza uzito wa bapa bila kulifanya lilegee, ndiyo kazi yake.

Na penye mifereji, kila upande, pana alama ya mwezi mchanga wenye uso wa mtu. Hapa ndipo ami yangu mkubwa na mimi tulipobishana wiki nzima. Yeye amepokea kwa babake kwamba chuma hiki kilifuliwa Oman. Mimi niliulizia nikaelezwa kuwa miezi kama hii yapatikana kwenye mabapa ya Ulaya, hasa ya mji wa Solingen, Ujerumani, ambako mafundi walifua mabapa mengi yaliyouzwa Bara Arabu, Sudan na pwani hizi, kisha wenyeji wakayatia mpini wao. Lakini wahunzi wa huku nao waliiga alama hizo, kwa kuwa wanunuzi walizipenda. Muhuri wa kiwandani hupigwa mara moja, kwa hiyo kina chake huwa sawasawa. Mwezi wa kuigwa mara nyingi huchorwa kwa patasi, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia waona vijikato vifupi vilivyofuatana. Wa kwetu upande mmoja waonekana umepigwa, na upande wa pili umefifia mno kuamulika. Kwa nini umefifia nitasema sasa hivi.

Barua yasema hivi: “Jamaa tumepokea kwamba bapa limefuliwa Oman. Alama zilizopo zafanana na za mabapa ya Ulaya yaliyouzwa nje. Hatukuamua.” Ami, nakushukuru kwa kukubali neno hilo la mwisho.

Sasa niingie kwenye hali ya upanga, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo barua za watu wengi zinapodanganya bila kukusudia. Mtu huandika “uko katika hali nzuri sana” kwa kuwa wang'aa. Kung'aa kwenyewe ndiko kulikoharibu wetu.

Mwaka 1986 ilikuwapo harusi, na bwana harusi alitaka kuushika upanga wa ukoo. Upanga ulikuwa mweusi. Kwa mapenzi kabisa, mmoja wetu, ambaye sitamtaja maana alikuwa kijana na hakuna aliyemkataza, aliuchukua uani akausugua kwa msasa, ndimu na majivu, upande mmoja wote. Ukawa mweupe kama kisu kipya. Mwezi wa upande ule ndio uliofifia. Weusi alioutoa haukuwa uchafu. Chuma kikikaa miaka mingi pasipo unyevu mwingi hujifanyia ngozi nyeusi iliyotulia, nayo ngozi hiyo yapunguza kuliwa zaidi. Ukiiondoa, chuma kinabaki uchi, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa hakichukui siku nyingi kuanza upya. Juu ya hayo, ndimu ni asidi, na mabaki yake yaliyojificha kwenye mifereji yaliendelea na kazi baada ya harusi kwisha.

Tumeliandika. “Upande wa kulia ulisuguliwa kwa msasa na ndimu mwaka 1986. Mikwaruzo yaonekana ikienda sambamba na bapa. Alama imepungua.” Dadangu aliniuliza, mbona tujishitaki? Kwa sababu mtaalamu atauona mkwaruzo tu, halafu atabaki akijiuliza ni wa lini na ulifanywa kwa nini. Akidhani ni wa kale, atasoma vibaya kila kitu kilichofuata. Sentensi yetu moja yamwepusha na kosa hilo.

Upande wa kushoto haukuguswa. Huo ndio wenye thamani zaidi kwao, na mtu asiutie hata kitambaa mpaka siku ya kuupeleka.

Kuhusu kutu iliyopo leo, nilifundishwa njia rahisi ya kuijua iliyolala na iliyo hai. Iliyolala ni nyeusi au kahawia iliyokoza, ngumu, haiachi kitu kidoleni. Iliyo hai ni ya rangi ya chungwa, ni unga, na yadondoka. Tuliulaza upanga juu ya karatasi nyeupe kabatini, hatukuugusa, tukaja kutazama baada ya wiki mbili. Unga wa chungwa ulikuwa umeanguka mahali patatu, pote karibu na mpini, pale mkono unapofika. Jasho lina chumvi. Kila Idi tulipokuwa tukiwapa watoto waushike wapigwe picha, tulikuwa tukiutia chumvi kwa mikono yetu. Nimeweka picha ya karatasi ile pamoja na barua, na tarehe zote mbili.

Mpini ni wa mti. Ngozi iliyouvaa imechanika kidogo karibu na kichwa chake na nyuzi za mti zaonekana wazi, hivyo si pembe ya ndovu wala ya kifaru, ambayo ingetudai vibali vingine kabisa kama upanga ungevuka mpaka. Uzi wa fedha ulioviringwa juu ya ngozi umebaki karibu nusu. Mpini wacheza kidogo: ukiuinua upanga taratibu wasikia mtikisiko ndani, maana yake ule mkia wa chuma unaoingia mpinini umelegea. Kwa hiyo barua yawaonya wausaidie kwa mikono miwili, mmoja chini ya bapa, mmoja chini ya mpini, wenye glavu, wala wasiunyanyue kwa mpini peke yake.

Na upo uto wa simsim. Bibi, Mungu amrehemu, aliupaka kila Ramadhani, akiamini anauhifadhi. Uto huo ukikaa hewani hugeuka ulimbo, ukanasa vumbi, na vumbi la huku limejaa chumvi na unyevu. Tabaka la manjano lililo kwenye mifereji ni huo. Hatukuliondoa. Wanaohifadhi chuma wana namna zao za kulilainisha bila kuondoa kilicho chini, nasi tungeondoa vyote viwili.

Ala ni ya mti iliyovikwa ngozi nyekundu iliyokolea. Ngozi imeanza kuwa unga: ukiipitishia kidole waona rangi ya matofali. Tangu mwezi wa nne upanga haukai tena ndani ya ala. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ina asidi, tena hunyonya maji ya hewani, kwa hiyo upanga uliomo ndani ya ala ni kama umefungwa kwa kitambaa kibichi. Vimelazwa mbalimbali, kila kimoja kwenye shuka ya pamba isiyotiwa rangi. Watoto wamelalamika kwamba sasa hauonekani kuwa upanga. Wavumilie.

Ala hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye historia.

Hadithi ya nyumba yetu mwaijua. Babu wa babu yetu alikaa Takaungu. Vita vya Mazrui vilipozuka mwaka 1895, kutokana na mzozo wa nani arithi uliwali wa Takaungu, Waingereza wakaingia upande mmoja, na watu wenye silaha wakawa hawana usalama hata wakikaa kimya. Yeye akauzika upanga shambani, chini ya mwembe, akaufukua vita vilipokwisha, mwaka 1896, baada ya Mbaruk bin Rashid wa Gasi kuvuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa.

Niliiandika hadithi hii, kisha nikaupeleleza upanga kama unamshuhudia babu au unamkana. Upande wa kushoto, thuluthi ya mwisho kuelekea nchani, una mashimo ya kutu yaliyokaribiana, mengine ya kina cha nusu milimita. Upande wa kulia, thuluthi hiyohiyo, msasa haukuweza kuyafuta yaliyokuwapo, nayo ni machache na mafupi. Maana yake upande mmoja ulilala kwenye unyevu kuliko mwingine, kwa muda wa kutosha. Hilo laafikiana na kuzikwa. Laafikiana pia na upanga kulazwa juu ya sakafu ya chokaa iliyokuwa ikivuja mvua za masika. Siwezi kuchagua kwa ajili ya ukoo.

Ala yasema zaidi. Kama upanga ungezikwa ndani ya ala hii hata masika moja, ngozi isingekuwapo. Tena ala ni ndefu kuliko bapa kwa sentimita tatu nzima. Fundi anayechonga ala kwa ajili ya upanga fulani haachi nafasi hiyo. Yaonekana basi kuwa ala ilitoka kwa upanga mwingine au ilinunuliwa baadaye. Kwa bahati tunayo picha ya studio, nyuma yake pameandikwa 1934 kwa wino, babake babu ameketi na upanga mapajani, na ala ni hii hii, na pete zake mbili za fedha. Leo ipo moja. Kwa hiyo ala twaweza kuisema kwa uhakika mpaka 1934. Bapa twalisema kwa mapokezi mpaka 1895. Barua imeziweka habari hizo mbili katika aya mbili, na kila moja imetajwa imetoka wapi: hii kwa picha, hii kwa mdomo wa shangazi mkubwa, aliyeisikia kwa babake. Nimemrekodi shangazi akisimulia, dakika arubaini, na makumbusho watapewa nakala.

Mwaka huo wa 1895 una uzito mwingine ambao wengi hamjausikia. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, yahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Ndugu zetu walioko Maskati walitaka upanga upelekwe kwao, na mmoja akaniambia yuko mnunuzi. Simlaumu, wao nao ni warithi. Lakini kama hadithi ya babu ni kweli, upanga hautoki kwa kutiwa kwenye sanduku la nguo. Na kama si kweli, basi mnunuzi atakuwa ameuziwa hadithi. Nilipomweleza hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Andika jina langu pamoja nanyi.”

Sasa liko jambo moja ambalo baadhi ya wazee waliniomba niliache. Wamenisikiliza, nami nimewasikiliza, tukakubaliana liandikwe kwa maneno machache. Bibi alisimulia kwamba siku za Idi babu wa Takaungu alipokwenda msikitini, upanga ulichukuliwa nyuma yake na mtu wake. “Mtu wake” ni mtumwa. Shamba lile lililimwa na watumwa, na utumwa katika pwani hii haukufutwa kisheria ila mwaka 1907. Upanga ulipofukuliwa, mtu huyo ndiye aliyeshika jembe, kwa kuwa ndiye aliyejua mwembe ni upi. Bwana wake alisahau. Hivyo ndivyo bibi alivyosimulia, na kila mara alipofika hapo alicheka, mimi nami nikicheka naye, mtoto. Siku niliyoiandika sikucheka.

Barua yasema: “Kwa mapokezi ya nyumba, aliyeuzika na kuufukua upanga ni mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba hilo. Jina alilozaliwa nalo halikuhifadhiwa na jamaa yetu.” Wajukuu zake baadhi yao wamo humu barazani usiku huu, nimewaomba idhini kabla ya kusoma, nao wamesema wataandika yao, kwa kalamu yao, iwekwe pamoja na yetu.

Nimalizie mambo ya kisheria kwa ufupi, maana usiku unakwenda.

Makumbusho watauliza swali moja kabla ya yote: je, ni wenu wa kutoa? Babu alifariki 1971, nyumba ikagawanywa, upanga haukugawanywa. Ulibaki ukutani kwa aliyekaa nyumba ile, na kukaa nao si kuumiliki. Kila mrithi ana fungu lake ndani ya upanga huu, wanaume na wanawake, na waliokufa mafungu yao yamewashukia watoto wao. Tumehesabu mbele ya kadhi tukapata watu kumi na saba. Sahihi kumi na sita hazitoshi. Mashangazi zangu, nasema wazi kwa kuwa mara nyingi huwa mnasahauliwa: bila nyinyi karatasi hii haina nguvu.

Tulifikiria wakfu, na katika madhehebu yetu ya Shafii kitu kinachotumika bila kwisha, hata silaha, chafaa kuwekwa wakfu. Lakini tukachagua hiba, kwa sababu makumbusho yanajua kuipokea na kuiandikisha. Hiba hutimia kwa kukabidhi. Mpaka siku watakapoupokea mikononi na kututilia sahihi, mmoja wetu akibadili nia ana haki, na ni afadhali abadili leo.

Masharti hatukuweka. Wapo waliotaka tuandike uwe ukionyeshwa daima, na jina la ukoo liwe juu yake kwa herufi kubwa. Makumbusho yoyote huwa na vitu vingi ghalani kuliko vilivyo kwenye vioo, na ngozi kama ya ala yetu mwanga wa kila siku waimaliza. Sharti la namna hiyo lingewafanya wakatae, au wakubali kisha waivunje ahadi. Tumeomba mambo mawili tu, nayo tumeyaita maombi: tujulishwe ukihamishwa kwenda kwingine, na jamaa akitaka kuuona apewe nafasi kwa miadi.

Pamoja na barua zipo picha kumi na mbili, kila moja na rula pembeni: bapa pande zote mbili, miezi yote miwili ikimulikwa kwa taa ya ubavuni ili vivuli vionyeshe kina, mashimo, mpini, mdomo wa ala, pete iliyobaki, nakala ya picha ya 1934 mbele na nyuma, na ile karatasi yenye unga wa chungwa.

Sahihi zilizopo ni kumi na tano. Ya Maskati yaja kwa ndugu yetu atakayeteremka Jumamosi. Iliyobaki ni ya shangazi mkubwa, ambaye macho hayamruhusu kusoma, na ambaye alisema hatatia dole gumba mpaka asomewe yote mbele za watu, neno kwa neno, na lile la mwembe likiwamo. Shangazi, limesomwa. Wino huu hapa.